Damu Aliyoisitiri Bibi

Kabla sijazaliwa jina langu lilikuwa na mwenyewe. Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Alikufa bado mwari, hajaolewa, na nilipozaliwa mimi bibi akasema jina lirudi nyumbani, likarudi. Kwetu Mji wa Kale hilo si ajabu, nusu ya mtaa imevaa majina ya waliokufa. Watu husema ni baraka. Labda, kwao. Mie mtu akinipa kitu cha mtu mwingine, hutaka kujua kwanza mwenyewe amekiachaje.

Bibi alikuwa na namna mbili za kuniita. Moja ilikuwa ya ukali, njoo uoshe vyombo, na hiyo nilijua ni yangu. Nyingine ilikuwa ya chini, ya taratibu, mwisho wa jina ukiburutwa kidogo, na aliitoa akiwa peke yake anapepeta mchele au anakunja nguo. Hiyo haikuwa yangu. Nikiisikia nilikaa kimya mpaka ipite.

Nilipouliza mama mkubwa alikufa na nini, jibu lilikuwa homa. Homa gani? "Homa tu! Mtoto wewe mbona una maneno?" Na kweli nilikuwa na maneno, ninayo mpaka leo, lakini katika nyumba ile ukuta wa homa sikuweza kuuvuka. Mama akiulizwa alimtazama bibi, na bibi akiulizwa alitazama tasbihi yake.

Nilipovunja ungo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilihamishiwa chumba cha juu, kwa kuwa msichana mkubwa halali sebuleni na ndugu zake. Kilikuwa chumba chake marehemu. Kitanda kilikuwa kilekile cha samadari, chenye miguu mirefu na vioo vidogo kwenye ubao wa kichwani, na ukilala unajiona vipandevipande. "Godoro lilibadilishwa," mama aliniambia, na mie nilikuwa sijauliza habari ya godoro.

Siku ile bibi alifurahi kama ametangaziwa harusi. Alinikalisha akanifunza yote ambayo mwari hufunzwa: kuoga, kuhesabu siku, kuacha swala mpaka nitwaharike, kufua sodo na kuzianika pasipo kuonekana na mtu. Kisha akafungua kasha lake akatoa leso kuukuu, akazichana. Krraa, krraa. Leso zetu huwa na maneno chini, na kila kipande kikatoka na nusu ya neno. Zilinuka udi na karafuu ya miaka mingi. Sikuhitaji kuambiwa zilikuwa za nani. Nikawa nimevaa jina lake, nimelala kitandani pake, na sasa nguo yake iko mapajani mwangu.

"Usishtuke ikiwa nyingi," bibi akaniambia. "Sisi nyumba yetu ina damu nyingi. Wanawake wa kwetu si wakavu."

Alilisema kwa fahari, na mama akatikisa kichwa kukubali. Mama naye kila mwezi alikuwa akilala chini siku mbili tatu, uso umempauka, na sisi watoto tulijua tu kwamba mama "hayuko sawa" na tusimpigie kelele. Kwa hiyo ilipokuja yangu, ikaja kwa mafuriko, nani angeshangaa? Kipande cha leso nilichokunja mara nne kililowa kabla ya somo moja la shule kwisha. Nilivaa sketi mbili. Buibui lilisitiri mengine, Mungu amlaze pema aliyelibuni. Kitandani nilitandika nailoni, juu yake gunia, juu yake shuka, na asubuhi vyote vitatu vilikuwa na habari. Kulikuwa na mapande meusi yaliyoteleza kama maini, mengine makubwa kuliko shilingi. Nilidhani ndivyo wanawake wanavyoishi. Nilikuwa nikiwatazama wanawake wa mtaani wakinunua mboga huku wanacheka, nikajiuliza wanapata wapi nguvu.

Kisha kulikuwa na madoa. Nilikuwa naamka na alama za buluu mapajani na mikononi, sikumbuki kujigonga popote. "Umefinywa," bibi alisema, akanisomea, akanipaka mafuta ya habasoda. Mashetani hufinya watu usingizini, kila mtu anajua. Lakini mie nilikuwa najua zaidi ya hapo. Nilikuwa najua nani ananifinya. Alikuwa anataka kitanda chake. Nilianza kulala ukingoni, nimembakishia nafasi upande wa ukutani, na wallahi, kuna asubuhi niliamka nikaona upande ule umebonyea. Sikumwambia mtu.

Sasa nieleze kazi ya bibi, maana bila hiyo mambo hayaeleweki. Bibi alikuwa mwosha. Mwanamke akifa mtaani, aliitwa yeye kuosha na kukafini. Walisema wahenga, aibu ya maiti aijuaye mwosha, na bibi alikuwa kaburi la aibu za mtaa mzima. Akirudi akaulizwa marehemu alionekanaje, jibu lilikuwa moja: "Alikuwa na nuru." Hata yule jirani aliyekuwa akiwamwagia watu maji machafu toka dirishani, naye alikuwa na nuru! Mwosha anayesema aliyoyaona, bibi alitufunza, amemvua nguo mtu asiyeweza kujifunika.

Na kwa kuwa ilimpasa kujua, alizijua hukumu za damu kuliko wanaume wengi wenye vilemba. Nilipofika kidato cha pili, hedhi moja ilikataa kwisha. Wiki moja, ya pili. Bibi alikuwa akihesabu. Siku kumi na tano zilipotimia akaniita, akasema kwa utulivu kabisa, "Hii sasa si hedhi. Imekuwa istihadha, damu ya mshipa. Oga, jifunge vizuri, utie udhu kila swala, na uswali."

Hapo ndipo lilipofanyika kosa letu, na sidhani lingefanyika nyumba nyingine isipokuwa zile zinazojua dini kama yetu. Bibi alikuwa ameshalitambua tatizo. Alisema kwa kinywa chake kwamba ile si damu ya kawaida, ni ya mshipa uliofunguka, ni ya ugonjwa. Lakini swali lililokuwa mbele yake lilikuwa swala, na swala ilikuwa imepatiwa jibu, basi mambo yakaisha. Kila mtu akapumua. Mama akaninunulia aspirini dukani kwa ajili ya maumivu ya tumbo, nikawa nazimeza asubuhi na jioni, na damu ikazidi kuwa nyepesi, nyekundu, kama maji ya rosela.

Nilianguka katika swala ya alasiri. Niliinuka kutoka sijda, nikasikia masikio yanavuma, na ukuta ukaja kunipokea. Nilipofumbua macho bibi alikuwa amenipakata. Alikuwa ananiita. Alikuwa ananiita ile namna ya pili, ya chini, jina linaburutwa, na machoni mwake niliona kwa yakini kwamba hakuwa akiniona mimi. Nimeogopa mambo mengi maishani lakini sijawahi kuogopa kama vile.

Gari halifiki kwetu. Binamu zangu wawili, mmoja kuli wa maghala ya Shimanzi, mwenye mabega, walinibeba juu ya kiti mpaka barabarani, kichwa kimefunikwa leso nisionekane, na watu barazani wakainuka kutoa pole. Teksi ikatupeleka zahanati moja ya mtu binafsi huko Majengo. Mganga wa pale alinibonyeza tumbo, akanifunua kope, akamwambia mama atoke nje. Kisha akainama.

"Mimba ilikuwa ya nani?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mvulana pekee niliyekuwa nimemgusa mkono ni kaka yangu. Nilimwambia hakuna mimba. Akaguna. "Wote husema hivyo," akasema, na mlango wenyewe ulikuwa pazia tu, na mama alikuwa upande wa pili wa pazia. Mama hakusema neno njiani kwenda hospitali kubwa. Alitazama mikono yake. Hilo liliniuma kuliko sindano zote zilizofuata, na nikiwa mkweli, bado linaniuma.

Wodini tulifika na hadithi ile imetutangulia. Kipimo cha mkojo kilisema hakuna mimba. Wakasema huenda imeshatoka, mabaki ndiyo yanayotoa damu. Wakaniandikia kusafishwa kizazi asubuhi yake. Wauguzi walinitazama ile tazama. Mmoja aliniletea bakuli, akaliweka kwa kishindo. Nilikuwa mweupe wa viganja, ulimi mweupe, moyo unakimbia nimelala, na kichwani nilikuwa na wazo moja tu, kwamba mwenye jina amenipata. Nilikuwa naelekea umri aliofia.

Jioni ya saa za kuona wagonjwa akaja daktari mwanamke, mtu wa bara, mrefu, na viatu vilivyolia sakafuni. Mama alikuwa kando ya kitanda, bibi kwenye kigoda na tasbihi. Daktari aliniamkia mimi kwanza. Akanishika mkono, akaugeuza, akaona doa la buluu. Akainua shuka akaona mengine.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna," nikasema. "Nimefinywa."

Hakucheka. Akaniambia nifungue kinywa, akatazama fizi, kisha akamgeukia mama. "Hedhi zake huwa nyingi?"

"Kawaida, daktari," mama akasema. "Kwetu sote tuko hivyo."

"Sote nani?"

"Mimi. Mama. Dada zangu, na..."

Daktari akavuta kiti akaketi, jambo ambalo madaktari hawakuwa wakilifanya. "Basi tuliache hilo neno kawaida," akasema. Akaanza kuniuliza, mimi mwenyewe, polepole. Kitambaa kimoja hukaa muda gani kabla hakijalowa? Unaamka usiku kubadilisha? Kitanda kinalowa? Unaona mapande, ni makubwa kuliko shilingi? Huchukua siku ngapi? Imekuwa hivi tangu ya kwanza kabisa? Pua hutoka damu, na hukatika upesi au huchelewa? Uliwahi kung'olewa jino?

Niliwahi. Nilitoka damu siku mbili, bibi akinijaza pamba ya karafuu kinywani, na mto wangu ukatupwa. Kila nilichojibu mama alikuwa anashusha pumzi. Daktari akamuuliza naye, na ikatoka kwamba alipomzaa kaka yangu nusura afe, akaongezwa damu. Mama alilisimulia kama mtu anayesimulia mvua iliyonyesha zamani.

"Kuna mtu kwenu aliyekufa kwa kutokwa na damu? Kwa uzazi, au upasuaji, au hedhi tu?"

"Hakuna," mama akasema upesi.

"Mama mkubwa alikufa na nini?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu aliye kisimani.

"Homa," bibi akasema. Tasbihi haikusimama.

Daktari akamgeukia bibi. "Nyanya, nitakwambia kwa nini nauliza. Kuna watu huzaliwa na damu isiyoshika vizuri, hurithi kwa wazazi. Kama huyu ana mabaki ya mimba, nisipomsafisha ataendelea kutoka damu. Lakini kama ni damu yake yenyewe haishiki, nikiingiza chuma kesho nitamfungulia mfereji nisioweza kuuziba. Kuna kipimo cha kumchoma kidogo na kutazama damu inakauka baada ya muda gani. Lakini amekuwa akimeza aspirini, na aspirini peke yake huichelewesha damu kukauka. Kwa hivyo kipimo leo kitanidanganya. Sina pa kuuliza ila kwenu."

Kitanda cha pili mtu alikuwa anakula chungwa, naikumbuka harufu yake.

"Mie ni mwosha," bibi akasema mwisho. "Mwosha hasemi."

Daktari hakumsukuma. Labda hakujua namna, labda alijua. Mie ndiye nisiye na subira, hata pale, na mdomo mkavu kama kifuu. Nikamwambia, "Bibi. Mimi nami utaniosha wewe?"

Tasbihi ikasimama.

Akaniangalia. Nilimwona akinitazama mimi, kisha nyuma yangu, kisha mimi. Halafu akajifunika uso kwa mtandio, na sauti ikatoka humo ndani ya nguo, ndogo, ya mtoto.

"Nilimwosha mara tatu ikaja. Nikamwosha mara tano. Nikamwosha mara saba. Kila nikimgeuza ubavu, damu. Kifo hakikuikatisha. Nikamjaza pamba nikamfunga kwa leso yangu ndani ya sanda, na sanda ikaja nyekundu, nikawaambia wanaume waharakishe. Sikumruhusu mwanamke mwingine kuingia. Peke yangu nilimgeuza."

Mama alikuwa amesimama, mkono kinywani. Hakuwa akijua. Alikuwa mtoto wakati ule, na miaka yote alikuwa ameamini homa kama tulivyoaminishwa sisi.

"Alikuwa ametoka damu siku ngapi, nyanya?" daktari akauliza, taratibu sana.

"Ilishapita hedhi. Nilimwambia aoge aswali." Bibi akavuta pumzi. "Alikuwa hajaguswa na mtu. Mimi ni mamake, mimi nilijua. Lakini mwari, na damu namna ile, watu wangesema nini? Wangesema ametoa mimba. Wangelisema msikitini, wangelisema harusini, wangelisema mpaka leo. Nikasema homa. Nikamsitiri."

Daktari akainuka. Akaenda mwenyewe mezani kwa wauguzi, nikasikia akisema kwa sauti ya juu ili wote wasikie kwamba msichana wa kitanda kile hasafishwi, na hana mimba wala hakuwa nayo. Yule muuguzi wa bakuli alikuja baadaye kunitandikia vizuri. Sikumjibu salamu. Mie ndivyo nilivyo.

Kabla ya kuniongeza damu ya mtu, daktari alinichota ya kwangu, maana ukishachanganya na ya mwingine vipimo vinapotoka. Chupa moja ilibaki kuhesabiwa chembe: damu yenyewe ilikuwa imekwisha karibu yote, lakini zile chembe za kuigandisha zilikuwa nyingi za kutosha. Chupa nyingine ilizungushwa, maji yake yakagandishwa kwa barafu yakapelekwa Nairobi kwa ndege. Kisha binamu wa Shimanzi na mwenziwe wakatoa damu yao, ikapimwa kwanza, maana ukimwi ulikuwa umeshatutia hofu sote, ikaingia mkononi mwangu tone kwa tone. Niliisikia baridi yake ikipanda begani. Nikapewa na vidonge vya kukatisha, vya namna mbili, na siku ya tatu ikakatika. Nililia. Nilikuwa sijui kwamba kitu kile kinaweza kukatika mtu akikitaka kikatike.

Majibu yalichelewa, na yalipokuja yakawa ya katikati, si huku si kule. Daktari akaeleza kwamba mtu akiwa anatoka damu na ana hofu, mwili hukazana na kipimo hupanda kidogo kikaficha ugonjwa. Tukarudia nimepoa, aspirini imeshanitoka kitambo. Safari hii akanifanyia na kile cha kuchoma: akanifunga mkono kwa mpira wa kupimia presha, akanichanja padogo chini ya kiwiko, akawa anagusisha karatasi pembezoni kila nusu dakika. Karatasi ikajaa vitone vyekundu, mviringo wake ukazunguka ukarudi ulipoanzia, na bado. Na Nairobi nayo ikasema ndiyo. Ugonjwa una jina la daktari wa Ulaya, bibi hakuweza kulitamka kabisa. Mie niliuelewa kwa nyumba yetu: mawe yapo, chokaa ya kuyashika ndiyo haba.

Mama akapimwa, naye akawa nao. Bibi akasema yeye mzee, wa nini kumchoma? Kisha kabla hatujatoka mlangoni akarudi akatoa mkono. Tulikaa tukitazama karatasi yake. Vitone vikaja, vikaja, vikachelewa kukoma.

"Kwa hivyo nilimpa mimi," akasema.

"Hukumpa kwa kusudi, nyanya," daktari akasema. "Hakuna anayechagua."

"Na dawa hizi, zamani zile zilikuwapo?"

Daktari alikuwa mkweli, na siku ile nilimchukia kwa ukweli wake. "Hizi, sina hakika kama zilifika hapa. Lakini damu ya kuongeza ilikuwapo."

Bibi akashusha mkono wa nguo yake. Tulipofika kwenye ujia wetu akashika ukuta. "Aliniomba hospitali," akatwambia, mama na mie, katikati ya njia, watu wanapita na vikapu. "Aliniomba. Alisema, mama, vaa buibui unipeleke. Nikamwambia lala, itakatika."

Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema, wakimsema mgonjwa. Hawasemi lolote kuhusu yule anayemfichia mwenziwe kwa mapenzi.

Tangu hapo bibi akawa mtu mwingine, na nasema hivi ingawa hakupunguza ukali hata chembe. Daktari alinipa vidonge vya uzazi wa mpango vya kumeza kila siku kupunguza hedhi, vya kuzuia damu kwa siku zenyewe zikiwa mbaya, na vya madini ya chuma vilivyonigeuza choo rangi ya lami. Aspirini marufuku maisha yangu yote. Na yeyote atakayetaka kuning'oa jino au kunipasua aambiwe kwanza. Sasa fikiria vidonge vya uzazi katika nyumba ya mwari! Mama aliviogopa kama nyoka. Bibi ndiye aliyeniwekea kila asubuhi kwenye sahani, kando ya mahamri, mbele ya yeyote aliyekuwapo. Jirani mmoja akaviona akainua nyusi. "Ni dawa ya damu," bibi akamwambia. "Na wewe binti yako yule anayezimia shuleni, umemuuliza kitambaa chake hulowa baada ya muda gani? Ama na wewe wangoja nije na pamba?"

Lahaula! Jirani hakumaliza chai yake. Lakini wiki ile binti alipelekwa hospitali.

Nikalala katikati ya kitanda. Madoa yaliendelea kutokea, nikijigonga, na nilijua ni nini, lakini kujua ni kitu kimoja. Upande wa ukutani uliendelea kuwa wake. Sikumwogopa tena kwa namna ile. Nilikuwa namfikiria akiwa na miaka kumi na sita, amelala akijitazama katika vile vioo vidogo, anasikia mama yake akipanda ngazi, anadhani safari hii amevaa buibui.

Mwishoni mwa miaka ya tisini bibi alishikwa na kiharusi, akalala kitanda kile, maana alikataa kingine. Miezi ile ya mwisho akili ilikuwa ikienda na kurudi. Mie nilikuwa mtu mzima, nafanya kazi ofisini, narudi mchana kumlisha uji. Siku moja niliingia na bakuli nikamkuta ameketi, amejishikilia ubao wa kichwani, macho yanang'aa.

Akaniita. Ile ya chini, ya taratibu, mwisho wa jina ukiburutwa. Miaka yote nilikuwa nikiisikia nakaa kimya mpaka ipite.

"Mwanangu," akasema. "Damu imekatika?"

Niliweka bakuli chini. "Bado, mama," nikamjibu. Sikuwahi kumwita mama.

Uso wake ukakunjamana kama anayeinua mzigo. Akatoa miguu kitandani, ule mmoja mzima ukiuvuta ule uliokufa. "Basi vaa buibui lako. Waseme wasemayo, watu. Vaa, nakupeleka hospitali."

Nikachukua buibui langu kwenye msumari. Nikalivaa, polepole, mbele yake, nikajifunika vizuri kama alivyonifunza. Nikamvalisha na lake. Akanipa mkono, nikaushika.

"Nishavaa, mama," nikamwambia. "Twende."